Kujenga mti wa Huffman kwa foleni ya kipaumbele: hatua kwa hatua, kwa methali moja

Methali "haba na haba hujaza kibaba" ina alama 26, ukihesabu pamoja na nafasi zinazotenganisha maneno. Ikihifadhiwa kwa njia ya kawaida, ambapo kila alama huchukua baiti moja yenye biti nane, itahitaji biti 208. Katika mwongozo huu tutaijengea mti wa Huffman kwa mkono, kisha kwa programu fupi ya Python, na tutaona methali hiyohiyo ikienea katika biti 75 bila kupoteza herufi hata moja. Nimechagua maandishi mafupi kwa makusudi, kwa sababu mti wa alama kumi unaweza kuchorwa kwenye karatasi, na makosa mengi ya kazi hii huonekana mapema zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye programu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Katika methali yetu herufi a inatokea mara tisa, ilhali z inatokea mara moja tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzipa biti sawa. Tunataka a iwe na msimbo mfupi na z iwe na msimbo mrefu. Ugumu unaanza pale misimbo inapokuwa na urefu tofauti, kwa kuwa msomaji wa biti hana alama ya kumwonyesha msimbo mmoja umeishia wapi. Tuseme umempa a msimbo 0, h msimbo 1 na b msimbo 01. Biti 01 zikifika, je, ni b, au ni a ikifuatwa na h? Dawa yake ni sharti moja: msimbo wa alama yoyote usiwe mwanzo wa msimbo wa alama nyingine. Sharti hilo linatimia lenyewe ikiwa alama zote zimewekwa kwenye majani ya mti wenye matawi mawilimawili, ambapo kwenda kushoto ni 0 na kwenda kulia ni 1, kwa kuwa huwezi kupita kwenye jani moja ukielekea jani jingine.

Mwaka 1951 David Huffman alikuwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, na mwalimu wake Robert Fano aliwapa wanafunzi nafasi ya kuandika kazi juu ya tatizo hili badala ya kufanya mtihani. Fano, katika kazi iliyokaribiana na ya Claude Shannon, alikuwa ameshapendekeza kuigawa orodha ya alama katika mafungu mawili yanayokaribiana kwa uzito, kuanzia juu kushuka chini, lakini njia hiyo haifikii kilicho bora kila mara. Huffman aliligeuza tatizo: akaanza chini, kwa alama zilizo adimu kabisa, akapanda kuelekea mzizi. Makala yake ilichapishwa mwaka 1952.

Hatua ya kwanza: kuhesabu

Pitia maandishi yote mara moja na uandike kila alama imetokea mara ngapi. Kwa methali yetu hesabu ni hii: a mara 9, b mara 4, nafasi mara 4, h mara 3, na n, u, j, z, k, i mara moja kila moja. Jumlisha mara zote. Ukipata namba tofauti na 26, rudi mwanzo kabla hujaendelea, kwa sababu kosa dogo la hesabu hapa halitazuia mti kujengwa. Litakupa tu mti usio bora, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Amua pia mapema unahesabu nini, herufi au baiti. Maandishi mengi ya Kiswahili hayana shida kwa kuwa kila herufi ni baiti moja, ila kuna mahali pamoja panaponasa watu: alama ya ritifaa katika neno kama ng'ombe. Ikiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ni baiti moja, lakini programu nyingi za kuandikia huibadilisha kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Faili lenye mchanganyiko wa zote mbili litakuwa na alama mbili tofauti kwa kitu kimoja, na kila moja itaonekana adimu kuliko ilivyo kweli. Kubana kwa uaminifu hakukuruhusu kuzibadilisha, lakini ukijua zipo hutashangaa jedwali lako likiwa refu kuliko ulivyotarajia.

Hatua ya pili: foleni

Foleni ya kipaumbele si kama foleni ya dukani, ambapo aliyetangulia kufika ndiye anayehudumiwa kwanza. Inafanana zaidi na chumba cha dharura hospitalini, ambapo hali ya mgonjwa ndiyo inayoamua nani aingie. Kwetu sisi kinachoamua ni uzito, yaani idadi ya kutokea, na mwenye uzito mdogo kabisa ndiye anayetoka kwanza. Tia kila alama kwenye foleni ikiwa jani linalojitegemea, pamoja na uzito wake.

Uzito ukilingana, nani atoke kwanza? Usiliache swali hili bila jibu. Hapa tutaipa kila alama namba ya zamu kwa kufuata mpangilio wa kutokea kwake mara ya kwanza katika methali: h, a, b, nafasi, n, u, j, z, k, i. Kila kifundo kipya tutakachotengeneza kitapewa namba inayofuata. Uzito ukilingana, mwenye namba ndogo hutangulia.

Hatua ya tatu: kuunganisha

Sasa rudia kitendo kimoja. Toa vitu viwili vya kwanza kwenye foleni, viweke chini ya kifundo kipya ambacho uzito wake ni jumla ya uzito wao, kisha kirudishe kifundo hicho kwenye foleni. Acha foleni inapobaki na kitu kimoja; hicho ndicho mzizi. Alama zikiwa kumi, utaunganisha mara tisa kamili. Kwa methali yetu mambo yanakwenda hivi, na alama ya `_` ikisimama badala ya nafasi:

```
n(1)  + u(1)   = V1(2)
j(1)  + z(1)   = V2(2)
k(1)  + i(1)   = V3(2)
V1(2) + V2(2)  = V4(4)
V3(2) + h(3)   = V5(5)
b(4)  + _(4)   = V6(8)
V4(4) + V5(5)  = V7(9)
V6(8) + a(9)   = V8(17)
V7(9) + V8(17) = V9(26)
```

Angalia mstari wa tano kwa makini, kwa kuwa ndipo wanaojifunza hukosea zaidi. Baada ya V4 kuundwa, mtu hushawishika kuendelea kujenga juu yake, kana kwamba mti unakua kwa shina moja. Lakini V4 ina uzito wa 4, na kwenye foleni bado kuna V3 yenye 2 na h yenye 3; hao ndio wepesi zaidi, kwa hiyo ndio wanaotoka. Mti wa Huffman huanza kama vichaka vingi vidogo vinavyokua sambamba na kuungana polepole. Foleni ndiyo inayokukumbusha kichaka kipi kina zamu.

Jumlisha sasa uzito wa vifundo vyote tisa vilivyoundwa: 2, 2, 2, 4, 5, 8, 9, 17 na 26. Jibu ni 75, na hiyo ndiyo idadi ya biti ambazo methali nzima itachukua. Haikutokea kwa bahati. Kila unapounganisha, alama zote zilizo chini ya kifundo kipya zinasukumwa ngazi moja chini, hivyo kila kutokea kwa alama hizo kunagharimu biti moja zaidi. Uzito wa kifundo ndio gharama hiyo hasa. Unaweza basi kujua ukubwa wa matokeo kabla hujaandika biti hata moja.

Kwa nini kuchagua wepesi wawili kila mara kunatoa mti ulio bora, wakati kuchagua kilicho rahisi kwa wakati huu mara nyingi hugharimu baadaye? Fikiria mti wowote ulio bora. Katika ngazi yake ya chini kabisa lazima kuwe na majani mawili yaliyo ndugu, kwa sababu jani lililo peke yake lingeweza kupandishwa ngazi moja na kuokoa biti. Ikiwa majani hayo si alama mbili adimu kuliko zote, yabadilishane nafasi na hizo adimu: alama nzito inapanda, nyepesi inashuka, na gharama haiwezi kuongezeka. Kwa hiyo daima upo mti bora ambao ndani yake wepesi wawili ni ndugu walioko chini kabisa. Ukiwaunganisha na kuwahesabu kama alama moja, unabaki na tatizo lilelile lenye alama pungufu kwa moja, na hoja ileile inajirudia mpaka mzizi.

Uzito unapolingana

Rudi kwenye mstari wa nane. Kabla yake foleni ilikuwa na V6 yenye 8, a yenye 9, na V7 yenye 9 vilevile. Kanuni yetu ya zamu iliitoa a pamoja na V6, kwa kuwa a ina namba ndogo kuliko V7. Kama tungechagua V7 badala yake, V6 na V7 zingeungana kuwa 17, na a ingeungana mwishoni kabisa, moja kwa moja chini ya mzizi. Katika mti huo a ingepata biti moja badala ya mbili, b na nafasi zingebaki na tatu, h ingepata nne, na zile sita adimu zingepata tano kila moja. Piga hesabu: 9 na 24 na 12 na 30 ni 75. Jumla ni ileile, lakini miti ni tofauti.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. Kwanza, mti bora si lazima uwe mmoja, kwa hiyo jibu lako likitofautiana na la mwenzako, linganisheni jumla ya biti kabla ya kutafuta kosa. Pili, anayebana na anayefungua lazima wafikie misimbo ileile. Mimi hupendelea kanuni inayotanguliza alama za awali mbele ya vifundo vipya, kama tulivyofanya, kwa sababu huupa mti kina kidogo zaidi; hapa msimbo mrefu kuliko yote una biti nne badala ya tano, na faida hiyo itaonekana tutakapofika kwenye mipaka ya urefu.

Katika Python, moduli ya `heapq` inatupa foleni tunayoihitaji:

```python
import heapq
from collections import Counter

def jenga(maandishi):
    idadi = Counter(maandishi)
    foleni = [(n, z, h) for z, (h, n) in enumerate(idadi.items())]
    heapq.heapify(foleni)
    zamu = len(foleni)
    while len(foleni) > 1:
        n1, _, kushoto = heapq.heappop(foleni)
        n2, _, kulia = heapq.heappop(foleni)
        heapq.heappush(foleni, (n1 + n2, zamu, (kushoto, kulia)))
        zamu += 1
    return foleni[0][2]

def pima(kifundo, kina, urefu):
    if isinstance(kifundo, tuple):
        pima(kifundo[0], kina + 1, urefu)
        pima(kifundo[1], kina + 1, urefu)
    else:
        urefu[kifundo] = max(kina, 1)
```

Ile namba ya zamu iliyo katikati ya kila kitu cha foleni ina kazi mbili. Mbali na kuamua nani atangulie, inaizuia Python isilinganishe herufi na kifundo. Ukiiondoa, programu inaweza kufanya kazi vizuri kwa maandishi kadhaa, kisha siku moja ikasimama na kuandika `'<' not supported between instances of 'tuple' and 'str'`. Kosa hilo hutokea hasa pale jani na kifundo vinapolingana uzito na kukutana ndani ya foleni, na ndiyo maana huwapita wengi wanaojaribu kwa mfano mmoja. Maneno `max(kina, 1)` nayo yapo kwa ajili ya maandishi yenye aina moja tu ya alama, kama "aaaa". Hapo hakuna kuunganisha kunakofanyika, jani ndilo mzizi, na bila kinga hiyo a ingepata msimbo wenye biti sifuri.

Hatua ya nne: kutoka urefu hadi misimbo

Ungeweza kusoma misimbo moja kwa moja kwenye mti, kushoto 0 na kulia 1. Lakini basi ungelazimika kumtumia mfunguaji umbo zima la mti. Njia inayotumika katika kazi halisi, ikiwamo DEFLATE iliyo ndani ya faili za ZIP na PNG, ni kuchukua urefu tu wa kila msimbo na kuitengeneza misimbo upya kwa kanuni inayojulikana na pande zote. Panga alama kwa urefu, na zenye urefu sawa uzipange kwa mpangilio wa kawaida wa herufi. Ya kwanza ipewe sifuri tupu. Kila inayofuata ipewe msimbo uliotangulia ukiongezwa moja, na urefu unapoongezeka, ongeza 0 upande wa kulia.

```python
def misimbo(urefu):
    jibu, m, awali = {}, 0, 0
    for h in sorted(urefu, key=lambda h: (urefu[h], h)):
        m <<= urefu[h] - awali
        jibu[h] = format(m, "b").zfill(urefu[h])
        m += 1
        awali = urefu[h]
    return jibu
```

Kwa methali yetu a inakuwa 00. Nafasi ni 010, b ni 011, na h ni 100. Kisha zinafuata za biti nne: i ni 1010, j ni 1011, k ni 1100, n ni 1101, u ni 1110, na z ni 1111. Msimbo wa mwisho ukiwa na 1 tupu, kama ulivyo hapa, ni dalili kwamba mti umejaa na hakuna tawi lililopotea. Ukiishia kwenye kitu kingine, ilhali alama zako ni mbili au zaidi, basi urefu fulani umeupima vibaya.

Hatua ya tano: kuandika na kusoma biti

Neno "haba" sasa linaandikwa 100, 00, 011, 00, yaani 1000001100, biti kumi badala ya 32. Kulisoma ni kuanza mwanzoni na kuongeza biti moja moja mpaka upate msimbo uliomo kwenye jedwali: 1 haumo, 10 haumo, 100 ni h. Anza upya: 0 haumo, 00 ni a. Hakuna haja ya kurudi nyuma hata mara moja, na hilo ndilo tulilolinunua kwa lile sharti la mwanzo.

Diski na mtandao, hata hivyo, havipokei biti moja moja, bali baiti nzima. Biti 75 zinahitaji baiti kumi, ambazo ni biti 80, na tano za mwisho hujazwa sifuri. Programu yangu ya kwanza ya aina hii ilipofungua methali, ilitoa "haba na haba hujaza kibabaaa". Nilitumia jioni nzima nikiukagua mti, na mti haukuwa na kosa lolote. Zile sifuri tano za kujazia zilisomwa kama msimbo halali: 00 ni a, 00 ni a tena, na sifuri moja ikabaki. Herufi za ziada mwishoni mwa maandishi, hasa zikiwa ni za alama yenye msimbo wa sifuri tupu, ni dalili ya kosa hili. Tiba ni kuandika mwanzoni mwa faili idadi ya alama zilizomo ili msomaji ajue pa kusimama, au kuongeza alama maalumu ya mwisho ambayo inahesabiwa na kupewa msimbo wake kama nyingine. DEFLATE hutumia njia hii ya pili, na alama yake ya mwisho ni namba 256.

Mipaka

Mpaka wa kwanza ni urefu wa misimbo. Mti huwa mrefu na mwembamba pale hesabu za alama zinapofuata mfuatano wa Fibonacci, yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8 na kuendelea, kwa kuwa kila jani jipya huungana na kila kilichokusanywa kabla yake. Alama 17 zenye hesabu za namna hiyo, katika maandishi yenye alama 4180 tu, hutoa misimbo ya biti 16. DEFLATE hairuhusu zaidi ya 15, na JPEG hairuhusu zaidi ya 16. Ikiwa umetenga nafasi maalumu kwa kila msimbo, kagua urefu mkubwa kabisa mara tu baada ya `pima`. Ukizidi, njia rahisi ni kugawa hesabu zote kwa mbili, ukikadiria kwa kupandisha ili isiwepo sifuri, kisha kujenga mti upya, na kurudia ikibidi. Utapoteza biti chache kwa sababu mti hautakuwa tena bora kwa hesabu halisi, lakini misimbo itabaki halali.

Mpaka wa pili ni biti nzima. Kwa hesabu ya Shannon, methali yetu kwa alama mojamoja ina entropia, yaani kiwango cha chini kabisa kinachowezekana, ya takriban biti 72.9, nasi tumefika 75. Pengo hilo dogo linatokana na kwamba hakuna alama inayoweza kupewa biti mbili na nusu. Pengo huwa kubwa pale alama moja inapotawala: hata ikiwa asilimia 99 ya faili, Huffman haiwezi kuipa chini ya biti moja.

Mpaka wa tatu ndio unaoigusa methali yetu moja kwa moja, nao ni gharama ya jedwali. Tuhesabu faili zima: baiti moja ya kusema alama ni ngapi, baiti kumi za alama zenyewe, baiti tano za urefu wa misimbo tukitumia biti nne kwa kila mmoja, baiti moja ya urefu wa maandishi, na baiti kumi za data. Hizo ni 27, ilhali methali ilivyokuwa mwanzo ni 26. Ukiwa na ujumbe mwingi mfupi wa lugha moja, basi, hesabu herufi katika mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya lugha hiyo, jenga mti mara moja, na uweke jedwali ndani ya programu ya pande zote mbili. Kumbuka tu kuipa uzito wa angalau moja kila alama inayoweza kutokea, kwa sababu alama isiyokuwa na jani kwenye mti haiwezi kuandikwa kabisa.